Mgao wa umeme: kwa nini tusikatiwe kwa zamu, mitaa yote sawa?

Mtabata: Wakuu, siku mgao ukirudi, kwa nini mitaa yote isikatiwe kwa zamu, kwa saa zilizotangazwa, Masaki kama Mbagala?

Kijiba cha Mbagala: Masaki wakatiwe? Endelea kuota, mkuu. Mwaka 2023 upungufu ulifika kama megawati 400 hivi, na hizo 400 zote nahisi zilikatwa kwangu. Halafu hii mada ya nini leo? Bwawa la Nyerere lilianza kuzalisha 2024, uwezo wake kamili megawati 2,115.

Fundi Laini: Mkuu, kwanza mtaa haukatwi. Kinachokatwa ni fida, ile laini inayosambaza umeme kutoka kituoni, na fida moja inaweza kupita mitaa mitatu. Ikiwa na hospitali au pampu ya maji ya mji, haiguswi, na baa iliyo jirani na hospitali inaponea hapohapo. Ndiyo maana unaona upande mmoja wa barabara kunawaka na wa pili giza, mnasema rushwa.

Chukua mfano wa kubuni. Mji umepungukiwa megawati 60 na kila fida inabeba 5. Lazima 12 ziwe zimezimwa muda wote. Kama zinazozunguka ni 72, unapata makundi 6, kila moja linakaa gizani saa 4 kwa siku. Sasa sema fida 24 "zisiguswe". Zimebaki 48, makundi 4, kila moja saa 6. Hizo saa 2 za ziada ndizo wanazolipia wengine kwa ajili ya waliosamehewa. Kwa hiyo swali si zamu iwepo au isiwepo, swali ni nani anaandika ile orodha ya wasioguswa, na kwa nini haibandikwi.

Kijiba cha Mbagala: Kwa hiyo unakubali kuna orodha. Asante.

Msomi Pori: Hospitali sawa. Ila saluni, baa na vibanda vya kuchaji simu visubiri tu, havifi mtu. Afrika Kusini wameweza, wana hatua za mgao: hatua ya 6 maana yake saa 6 bila umeme, unajipanga.

Mama Draya: Saluni isubiri? Wewe unanyolewa wapi, kwa panga? Mwaka ule ratiba ilisema saa 12 jioni, wao wakakata saa 9. Mteja ana dawa kichwani, pampu haivuti, tangi limeisha. Dawa ikianza kuchoma haisubiri ratiba. Nilimsuuza kwa maji ya chupa, katoni nzima, na pesa akagoma kulipa. Ningejua saa 9 wanakata, baada ya saa 7 nasuka tu.

Msomi Pori: Dada, nunua jenereta.

Mama Draya: Nikopeshe basi. Kuongea mnajua.

Fundi Laini: Hatua ya 6 si saa 6, mkuu. Kila hatua ni megawati 1,000 za nchi nzima, kwa hiyo ya 6 ni kupunguza 6,000. Saa zako zinategemea eneo, ndiyo maana watu walikuwa wanachungulia app ya ratiba, EskomSePush, kila saa. Ila uzuri wake ni huu: upungufu hubadilika, hatua inapanda au inashuka, lakini kila hatua jedwali lake limeshachapishwa. Sisi ratiba inakuwa moja, mtambo mmoja ukitoka ghafla inageuka karatasi ya kufungia vitumbua. Mama Draya alikatiwa saa 9 huenda kwa sababu hiyo.

Mama Draya: Huenda.

Mtabata: Turudi kwenye mada jamani. Na ule umeme ukirudi, dakika mbili, unakatika tena? Hiyo nayo ni zamu?

Fundi Laini: Hiyo ni mafriji na pampu zote za mtaa kuamka pamoja. Mzigo unaruka, swichi ya fida inajitupa, yaani inajizima yenyewe. Wanajaribu tena, inajitupa tena, na foleni ya zamu inayofuata inachelewa. Ukikatiwa, chomoa friji, acha taa moja ikuambie umerudi, subiri dakika kama kumi.

Shangazi wa Kimara: Jamani mimi naona zamu haina haki hata ikiwa sawa. Makundi 6 ya saa 4, kundi langu likipangwa saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, nitapika gizani kila siku, na wa saa 8 usiku wamelala hata hawajui.

Fundi Laini: Kweli, shangazi. Inabidi kila siku kundi lisogee nafasi moja. Hapo sasa watu wanalalamika hawaikariri.

Kijiba cha Mbagala: Nasubiri orodha.

Msomi Pori: Mimi nasubiri Mama Draya aniambie saluni inaokoa maisha ya nani.

Mama Draya: Ya watoto wangu watatu. Leta namba ya mkeo nimuulize nywele zake anatengenezea wapi.