Ami asema ninunue hisa kabla daftari halijafungwa, nipate nyingine za bure. Nitoe pesa za mashine?

Mwana_wa_Langoni (Lamu)
Assalaam aleikum wanajukwaa. Naomba ushauri, na tafadhali anijibu anayejua, si wa kubahatisha.

Kuna kampuni iliyo kwenye Soko la Hisa la Nairobi (jina naliacha) imetangaza bonasi: kila mwenye hisa 5 ataongezewa 1 bila kulipa kitu. Hisa ilikuwa 22 kabla ya tangazo, sasa ni 24. Daftari la wanahisa linafungwa mwisho wa mwezi.

Mimi nina elfu 60 nilizoweka za kuchangia mashine ya boti, sisi ni watatu. Ami yangu, ambaye hisa amezijua tangu zile za Safaricom za 2008, ananiambia hivi: nunua hisa 2,500 kwa 24, elfu 60 hiyo. Daftari likifungwa unaongezewa 500. Uza hizo 500 kwa 24, umepata 12,000 na zako 2,500 bado unazo. Kisha ziuze nazo, rudisha pesa ya mashine. Wenzangu hata hawatajua kama zilitoka.

Hesabu nimeirudia na sioni kosa. Ila moyo unakataa. Ikiwa ni rahisi hivi, mbona Nairobi nzima haifanyi?

Papa_Upanga
Usikubali kulipa! Hizo kampuni zikikwama hujidai zinawapa wanahisa nafasi, kumbe zinataka pesa. Kenya Airways 2012 si waliwauzia wanahisa wao hisa mpya kwa shilingi 14? Kama huna pesa, uza ile haki yako sokoni upate chochote.

Mwana_wa_Langoni
Papa, hapa sitakiwi kulipa. Ni bonasi.

Papa_Upanga
Ah, basi sawa. Mimi nilidhani ni zile za kununua. Kama ni za bure chukua, nani hukataa cha bure?

Karani_Mstaafu (Mombasa)
Wa aleikum salaam kijana. Nimekaa ofisi ya broka miaka mingi na swali lako nimelisikia kila kampuni ilipotangaza bonasi. Moyo wako umeona sawa. Kosa la ami liko mahali pamoja tu: anadhani siku ya kuuza zile 500 bei itakuwa bado 24. Haitakuwa.

Kila bonasi ina siku ambayo hisa huanza kuuzwa bila bonasi yake. Anayenunua kabla ya siku hiyo anapata nyongeza, anayenunua siku hiyo au baadaye hapati. Sasa jiulize: jana mtu alilipa 24 kwa hisa itakayozaa sehemu ya tano nyingine. Leo anauziwa hisa ileile bila hicho kizazi. Atalipa 24 tena? Hakuna mwenye akili atakayelipa. Hisa tano za 24 ni shilingi 120. Zikiwa sita, 120 ni ileile, kwa hiyo kila moja ni 20. Soko litafunguliwa karibu na hapo, juu kidogo au chini kidogo kwa mambo mengine ya siku hiyo.

Mpango wa ami kwa bei hiyo: una hisa 3,000, mara 20 ni elfu 60. Ukiuza 500 unapata 10,000, na zilizobaki 2,500 ni elfu 50. Umetoa mfuko wa kulia ukatia wa kushoto. Na broka hakufanyii sadaka. Kwa kiasi kama chako, kamisheni na ada nyingine ni karibu asilimia 2 ukinunua, na karibu asilimia 2 tena ukiuza. Kwa elfu 60 kwenda na kurudi, umepoteza zaidi ya elfu mbili hata bei isipotikisika.

Bi_Mkanjuni (Malindi)
Lakini Karani, hisa hizo 500 si za kweli? Kampuni imezitoa wapi kama hazina thamani?

Karani_Mstaafu (Mombasa)
Za kweli kabisa, Bi Mkanjuni, zina kura na zina gawio. Swali zuri ni zimetoka wapi. Fungua hesabu za kampuni, ukurasa wa mali na madeni, utazame chini kwenye haki za wanahisa. Pana mstari wa mtaji wa hisa, na pana mstari wa faida iliyolimbikizwa. Siku ya bonasi wanapunguza mstari wa pili na kuongeza wa kwanza kwa kiasi kilekile. Jumla haibadiliki. Ukitazama fedha taslimu benki, hazikuingia wala hazikutoka. Majengo ni yaleyale, wateja ni walewale, deni ni lilelile.

Na hiyo faida iliyolimbikizwa ilikuwa yenu tangu zamani. Hamkupewa kitu ambacho hamkuwa nacho.

Huko kwenu mnamiliki boti kwa sehemu. Boti ya watu watatu, kila mmoja ana sehemu moja. Mkikubaliana kuandika kwamba sasa kila mmoja ana mbili, mmekuwa na sehemu sita. Samaki wa Ijumaa wataongezeka?

Mwana_wa_Langoni
Hahaha hapo nimeelewa. Nahodha wetu angetucheka.

Nahodha_Mokowe
Karani nakuheshimu lakini unamtisha kijana. Mimi nimeshika hisa za kampuni mbili zilizotoa bonasi na nimefaidi. Kabla ya bonasi walikuwa wanatoa gawio la shilingi 1 kwa hisa. Baada ya bonasi wakaendelea na shilingi 1 ileile. Hisa zangu zilikuwa 2,000 zikawa 2,400, basi gawio langu likatoka 2,000 likawa 2,400. Hiyo si pesa? Niliitia mkononi.

Halafu bonasi ni ishara. Kampuni inayofilisika haitoi bonasi.

Karani_Mstaafu (Mombasa)
Nahodha, pesa uliipata, sikatai. Lakini iliyokupa ni uamuzi wa wakurugenzi kutoa gawio kubwa zaidi kwa jumla. Wangeweza kuacha hisa zako 2,000 vilevile na kutangaza gawio la shilingi 1 na senti 20, ungepata 2,400 hiyohiyo. Na kuna kampuni nyingine hushusha gawio hadi senti 80 au 85 baada ya bonasi, mwanahisa anakuta anapokea karibu kilekile, akilalamika amepunjwa. Hakupunjwa. Tazama jumla ya gawio lote kampuni inalotoa, usitazame la hisa moja.

Kuhusu ishara, una hoja nusu. Wakurugenzi wasioona mbele vizuri huogopa kuongeza idadi ya hisa, maana mwakani watatakiwa kuzilipa gawio zote. Lakini nimeona pia kampuni ikitoa bonasi mwaka ambao haikutaka kutoa fedha taslimu, ili wanahisa wasinung'unike kwenye mkutano mkuu. Ishara ileile, habari mbili tofauti.

Na hata ishara ikiwa njema, kijana kachelewa. Kasema mwenyewe bei ilitoka 22 ikaja 24 baada ya tangazo. Waliofaidi ni waliokuwa nazo kwa 22.

Nahodha_Mokowe
Hizo zangu moja ilirudi bei ya kabla ya bonasi ndani ya mwaka. Sema utakavyo.

Karani_Mstaafu (Mombasa)
Ilirudi kwa sababu biashara ilikua, nadhani. Ingekua bila bonasi ungeiona juu zaidi kwa hisa chache. Hapo hatutakubaliana, na sawa.

Bi_Mkanjuni (Malindi)
Basi na mimi nieleze yangu. Mimi ni mwalimu, nina hisa 4,000 za kampuni nyingine. Mwaka huu wametuandikia tuchague: gawio la fedha taslimu la shilingi 1.50 kwa hisa, au tupewe hisa badala yake. Fedha ni 6,000, wakikata kodi ya asilimia 5 nabaki na 5,700. Au hisa mpya 300, wamezihesabu kwa shilingi 19 kila moja. Sokoni hisa ni 20. Mwenzangu wa shuleni anasema chagua hisa, maana 300 kwa 20 ni 6,000, umewazidi akili.

Karani_Mstaafu (Mombasa)
Mwenzako kaona kitu, ila kakikuza. Kwanza, si za bure. Umeacha 5,700 mezani ukanunua hisa 300. Ni kama ungepokea fedha kisha ukatuma kwa broka, ila hapa hulipi kamisheni.

Hiyo shilingi moja ya tofauti ya 19 na 20 ni faida ndogo ya kweli, lakini haikutoka kwa kampuni. Imetoka kwa wanahisa wenzako watakaochagua fedha. Hisa mpya zikitolewa chini ya bei ya soko, thamani kidogo inatoka kwa wasiozichukua kwenda kwa wanaozichukua. Wote wakichagua hisa, hakuna aliyemzidi mwenzake. Kila mtu ana kipande kilekile cha kampuni alichokuwa nacho, na fedha zimebaki ndani.

Ndiyo maana si kila mara wakurugenzi hutoa chaguo hili kwa kuwapenda ninyi. Wanahifadhi taslimu bila kusema "mwaka huu hatutoi gawio."

Kwa hiyo, Bi Mkanjuni, swali lako ni hili tu: ungepewa 5,700 leo, ungenunua hisa za kampuni hiyohiyo? Kama ndiyo, chukua hisa. Kama ungelipa karo au ungenunua kitu kingine, chukua fedha.

Bi_Mkanjuni (Malindi)
Ningelipia paa. Mvua za Mei hapa si za kuchezea.

Mwana_wa_Langoni
Swali la mwisho, shekhe. Ami mwenyewe anazo 1,200 za kampuni hii tangu zamani. Auze kabla?

Karani_Mstaafu (Mombasa)
Kuuza au kushika kusitegemee bonasi. Leo zake ni 28,800. Baadaye atakuwa na 1,440 kwa 20, ni 28,800.

Ila mwambie jambo moja mapema. Bei inashuka siku ileile ya kwanza, lakini hisa za bonasi huingia kwenye akaunti ya CDS baadaye, pengine wiki kadhaa. Katikati hapo akitazama akaunti ataona hisa 1,200 kwa 20, yaani 24,000, na ataona kama 4,800 zimeibwa. Nilipigiwa simu nyingi za aina hiyo, na wengine waliuza kwa hofu kabla nyongeza haijaingia. Akiona hivyo, aulize idadi ya bonasi atakayopata na siku itakayoingia, asikimbilie kuuza.

Na wewe kama bado unataka kuzinunua kwa kuipenda kampuni yenyewe, subiri zishuke au nunua leo, ni mamoja. Lakini ukitaka za bonasi usingoje siku ya mwisho. Ununuzi huchukua siku 3 za soko kukamilika, na jina lako lazima liwe ndani ya daftari kabla halijafungwa.

Mwana_wa_Langoni
Sinunui. Pesa za mashine zinabaki za mashine. Hesabu ya 1,200 nimemsomea ami, kasema "tutaona siku hiyo."

Papa_Upanga
Samahani niulize, je ukiwa na hisa 7, bonasi ni moja kwa kila tano, zile mbili zinazobaki zinakwendaje?

Karani_Mstaafu (Mombasa)
Unapata 1. Sehemu inayobaki, kampuni nyingine huitupa, nyingine hukusanya vipande hivyo, huviuza na kukulipa chako. Soma waraka wa wanahisa, huandikwa humo.