Naombeni ushauri: kuku, simu au mapishi?

Habari wakuu. Nina chaneli YouTube, mwaka wa kwanza huu, video 14. Nimechanganya kila kitu: ufugaji wa kuku, kubadilisha kioo cha simu, mapishi, hata uchambuzi wa mpira. Vyote navipenda, ila mimi si fundi wa kweli wa hata kimoja.

Video moja tu imepaa, ile ya kulea vifaranga kwa jiko la mkaa: watazamaji 6,200. Nikafurahi, wiki iliyofuata nikaweka pilau. Watu 74! Waliokuja kwa ajili ya vifaranga waliona sufuria wakapita zao. Nimepiga hesabu: malipo ya matangazo yanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wangu wanatazama wastani wa dakika 3, kwa hiyo nahitaji kutazamwa kama mara 80,000. Kwa mchanganyiko huu sifiki.

Nafikiria nibaki na kuku tu. Nimejaribu kuandika vichwa 30 vya video kwa kila mada: kuku nilifika 27, simu nikakwama kwenye 9. Hofu yangu ni maswali. Juzi mtu kaniuliza dozi ya chanjo ya kideri, nikamwelekeza kwa afisa mifugo wake, maana nikikosea banda zima linakwisha.

Je, nijitambulishe wazi kama mfugaji anayejifunza, nionyeshe hata vifaranga wanaokufa? Na video za zamani nizifiche au niziache? Waliopitia hapa, nisaidieni.