Nimemchorea bango la mfano, leo nalikuta limeshatundikwa dukani kwake na sijaona hata shilingi!

Wadau nimekasirika sana. Mimi ni dizaina wa kujitegemea hapa Kisumu, sina ofisi, kazi natafuta kwa miguu. Sianzagi na bei. Naangalia duka lenye shida inayoonekana, natengeneza hiyo shida moja tu, namwonyesha mwenyewe, akiuliza "na hii ni pesa ngapi" ndio tunaongea.

Sasa kuna mama ako na agroveti Kondele. Bango lake la zamani lilikuwa maandishi mekundu juu ya kijani, nambari ya simu ndogo kama sisimizi, ukiwa kwa matatu husomi kitu. Nikasimama ng'ambo ya barabara nikapiga duka picha, nikakesha usiku mbili nikachora jipya, jina jeupe kubwa, ng'ombe kushoto, simu chini, nikalibandika juu ya ile picha ndio aone duka lake likiwa nalo. Alifurahi mpaka akaita jirani! Akasema nitumie nimwonyeshe mzee. Nikatuma PDF yenyewe kwa WhatsApp, saizi kamili, futi 6 kwa 3. Wiki mbili kimya. Leo napita na boda naona ng'ombe wangu huyo juu, hata zile alama za kukatia kwa kona hawakutoa! Kuuliza naambiwa "si ulinipea kijana, hukusema unauza."

Jibu 1: Pole. Siku ingine pitisha jina lako katikati ya kazi, hakuna atakayeiba.

Jibu 2: Hiyo inasaidia kidogo tu. Kwa PDF kama hiyo jina ni kitu kimekaa juu ya vingine, mtu wa kuchapisha analibofya analifuta. Wewe ulipeana faili ya kazi. Ungetuma ile picha ya duka pekee, JPG ya pikseli 1080 kwa upana. Kwa simu inaonekana safi, lakini futi 6 ni inchi 72, hata bango lingejaza picha yote ni pikseli 15 kwa kila inchi, herufi zinatoka kama ngazi. Na umwambie hapo hapo, mama hii ni ya kuangalia, ya kuchapisha tutaelewana. Hujataja bei lakini amejua iko. Mtu akiamua kuchora upya akiiga, hiyo sina dawa.

Jibu 3: Mimi niko na kinyozi Nakuru, mnatusumbua pia. Kijana ananiletea logo nzuri hasemi bei, naogopa hata kuuliza nisije nikaitishwa elfu kumi. Semeni mapema!

Mwenye uzi: @Jibu 3 nilijaribu hiyo mwaka mzima, nikitaja pesa kwanza hawaangalii hata simu. @Jibu 2 ni ukweli, hilo la kutuma PDF ni kosa langu. Lakini huyu mama alijua nilichora usiku, nilimwambia mwenyewe. Kesho asubuhi naenda kwake, na bado sijui kama nimdai pesa ya bango ama nimwambie anilipe kwa kazi ya stika za mlango. Nyinyi mngefanyaje?