Naomba ushauri: nifundisheje joto la Zuhura?

Wakuu, habari. Nafundisha fizikia kidato cha nne, na kuna swali limenikwamisha. Zuhura iko karibu na Jua, inapokea wati 2,600 kwa mita mraba, Dunia 1,361. Lakini mawingu yake meupe yanarudisha angani karibu asilimia 76 ya mwanga, Dunia asilimia 30 tu. Tukapiga hesabu ubaoni:

T = [S(1−A)/4σ]^(1/4)

Dunia ikatoka nyuzi −18, Zuhura −44! Yaani Zuhura inafyonza mwanga kidogo kuliko sisi. Ila uso wake una nyuzi 464, wa Dunia wastani 15.

Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, joto la ziada linaumbwa wapi?" Nikamjibu haliumbwi. Hesabu inatupa joto la tabaka la juu linalopeleka nishati angani. Chini yake hewa nzito ya kabonidioksidi inazuia mionzi ya uso isitoke, hivyo uso unapanda joto mpaka kinachotoka juu kilingane na kinachoingia. Hakuelewa.

Mfano wa nyumba ya vioo siupendi, maana kioo huzuia zaidi hewa moto isipande. Nyinyi mnatumia mfano gani darasani?