Watengeneza rogulaiki, punguzeni mafumbo, msipunguze makali!

Mchokozi_wa_Zamu (mleta mada)

Wakuu, huu ugonjwa umezidi. Kila rogulaiki mpya, yaani gemu ya kufa na kuanza upya, ikitoka, vita vinne vya kwanza ni maadui wa kupulizwa tu. Unabofya chochote, adui anakufa, unaokota dhahabu, unaendelea. Ukifika chumba cha tano anatokea jitu la ajabu linakumaliza zamu ya tatu, unarudishwa mwanzo kabisa. Ukiwauliza wenye gemu wanajibu kwamba mwanzo umelegezwa ili mgeni ajifunze.

Ajifunze nini? Mmechukua adui wa kawaida, mkamgawia uhai kwa mbili na kipigo kwa mbili, mkamweka mlangoni. Adui wa hivyo anafundisha jambo moja tu: kwamba kujilinda ni kupoteza muda. Mchezaji anaishika hiyo tabia vizuri kabisa, halafu chumba cha tano mnamuua kwa kuwa na tabia mliyomfundisha wenyewe. Huo si ugumu, ni usaliti.

Tazameni Slay the Spire, gemu ya kadi iliyotoka rasmi 2019, kwa hiyo hamna kisingizio cha kutoijua. Mhusika wake wa kwanza, Ironclad, anaanza na uhai 80 na kadi 10: Strike 5 zinazopiga 6 kila moja, Defend 4 zinazokinga 5, na Bash 1 inayopiga 8 na kumwacha adui akiumia nusu zaidi kwa zamu 2. Kila zamu unashika kadi 5 na una nishati 3. Bash inakula 2, nyingine zinakula 1. Vita 3 vya kwanza vinachotwa kwenye kundi la maadui wepesi. Sasa angalieni wepesi wenyewe ukoje.

Cultist ana uhai kati ya 48 na 54. Zamu ya kwanza hakugusi, anajiongezea nguvu. Ya pili anapiga 6, kisha 9, kisha 12, kisha 15, na hasimami. Mchezaji mwoga anayejikinga kila zamu anashika wastani wa Defend 2, yaani kinga ya 10, na ikifika zamu ya nne tayari imezidiwa. Anayepiga bila kupanga akamuua zamu ya tano atakuwa amekula 6, 9 na 12, jumla 27, theluthi ya uhai wake wote. Anayeanza na Bash na Strike anatoa 17 papo hapo, zamu inayofuata Strike 3 zinatoa 27, na zamu ya tatu anammalizia akiwa amepoteza 6 tu. Adui ni yuleyule, hajalegezwa hata kidogo, ila mjinga na mwerevu wanatoka na makovu tofauti. Na mjinga hajafa! Amebaki na 53 na ameona kwa macho yake namba ikipanda.

Jaw Worm yeye ni kinyume chake. Uhai 40 hadi 44, na zamu ya kwanza kabisa anakung'ata 11. Namba hiyo imeandikwa juu ya kichwa chake kabla hujacheza kadi. Hapo ndipo mgeni anaelewa kwa nini amepewa Defend.

Elite, wale maadui wakali kuliko wa kawaida, hawaonekani kabla ya ghorofa ya 6. Baada ya hapo unaweza kukutana na Gremlin Nob, ambaye akishapandwa na hasira kila kadi ya aina ya Skill unayocheza inamwongezea nguvu 2, na Defend ni Skill. Yaani somo la Jaw Worm linageuzwa juu chini, lakini kwa mtu ambaye amelipata kwanza. Nyie mnatuletea Nob bila Jaw Worm. Nawasilisha, na nimekasirika.

Pwani_Gemu

Mkuu punguza jazba. Tatizo hilo lina dawa ya siku nyingi: uwezo wa kudumu. Ukifa unarudi na fedha, unanunua uhai zaidi au kipigo zaidi, raundi inayofuata inakuwa rahisi. Hades ina God Mode, unaanza na upungufu wa kipigo wa asilimia 20, kila ukifa inaongezeka asilimia 2 mpaka 80. Mgeni hakwami kamwe. Hakuna haja ya kuchanganua kila adui wa mlangoni.

Fundi_Mbegu

Pwani, umeshika nusu. Hiyo inamsaidia mtu asiache gemu, na kwenye Hades mchezaji anaiwasha mwenyewe kwa hiari, haimvizii. Lakini haimfundishi kitu. Mchezaji akipita raundi ya kumi, hujui kama amejua kukwepa au ni namba zimembeba, na yeye mwenyewe hajui. Mbaya zaidi ni pale mtengenezaji anapopanga ugumu kwa kudhani mchezaji ameshanunua viboreshaji. Hapo raundi za mwanzo hazishindiki hata ukicheza vizuri, na kufa kunageuka kazi ya kibarua.

Mleta mada ana hoja ila hajasema mnapimaje. Msikisie. Andika programu ndogo inayopigana na kila adui wa mwanzo mara 1000 kwa mitindo mitatu: anayepiga tu, anayesoma ishara ya adui na kujikinga anapotaka kupigwa, na anayebofya ovyo.

```
for mtindo in ["piga", "soma_ishara", "ovyo"]:
    hasara = [pigana(adui, mtindo, mbegu=i) for i in range(1000)]
    print(mtindo, sum(hasara) / len(hasara))
```

Kama hasara ya uhai inakaribiana kwa wote watatu, huyo adui hafundishi kitu, awe mlaini au mkali. Mimi hutaka anayekosea apoteze robo hadi theluthi ya uhai, na anayesoma ishara apoteze chini ya sehemu moja ya kumi. Ukiona anayekosea anakufa kabisa kwenye vita vya kwanza, umevuka mpaka, maana hajapata nafasi ya kutumia alichokiona.

Mama_Levo2

Samahani wakuu, hii Slay the Spire kwenye simu mnaruka vipi vita vya mwanzo? Mwanangu amekwama na yule mdudu anayelala mwenye gamba.

Mchokozi_wa_Zamu

Dada, hapa hatuongelei kuruka, tunaongelea kwa nini watu wanatamani kuruka! Huyo ni Lagavulin. Ukimwacha analala zamu tatu za mwanzo, mwambie kijana azitumie kucheza kadi za Power alizonazo kabla hajaamka.

Kitunguu_Pikseli

Mada imenigusa. Natengeneza ya kwangu. Mchezaji ana uhai 30 na vitendo 2 kwa zamu: upanga unapiga 5, ngao inakinga 4. Vyumba vitatu vya kwanza ni konokono mmoja mmoja, uhai 12, anapiga 2 kila zamu. Chumba cha nne ni mpiga mishale anayetoa 8 kila zamu. Wajaribu wangu karibu wote wanafia hapo, na wanalalamika kwamba mpiga mishale ana kipigo kikubwa mno. Nimshushe mpaka 5?

Fundi_Mbegu

Usimguse mpiga mishale kwanza. Hesabu konokono. Panga mbili kwa zamu ni 10, zamu ya pili anakufa, mchezaji amepoteza 2. Ngao inayokinga 4 dhidi ya kipigo cha 2 inatupa nusu ya kazi yake, na inamchelewesha. Kwa hiyo jibu sahihi kwa konokono ni upanga, upanga, upanga, na umemfanyisha mtu mtihani huo mara tatu mfululizo. Anafika kwa mpiga mishale akiwa hajawahi kuhitaji ngao.

Jaribu hivi: konokono awe na uhai 24. Zamu ya kwanza anajikunja bila kupiga, na ishara yenye namba ionekane juu yake. Zamu ya pili anapiga 9. Kisha anarudia.

Anayepiga tu: 10, 20, anakula 9, zamu ya tatu anamaliza. Amepoteza 9 kati ya 30. Anayesoma ishara anapiga 10, zamu ya pili anaweka ngao mbili na kupoteza 1, zamu ya tatu anapiga 10 tena, ya nne anamaliza kabla hajapigwa. Kuna na wa katikati: zamu ya pili upanga mmoja na ngao moja, anapoteza 5 na kumaliza zamu ya tatu. Anayejikinga daima hamuui kamwe. Umepata maamuzi manne tofauti kutoka kwa adui mwenye vitendo viwili, na hujaandika hata sentensi moja ya maelekezo kwenye skrini.

Ila usirudie konokono mara tatu. Watatu wa aina hiyo ni 27 kwa anayekosea, atabaki na 3. Weka mmoja wa hivyo, wa pili awe wa kuadhibu wanaochelewa, kama Cultist, na katikati ya vita mrudishie uhai kidogo.

Pwani_Gemu

Sawa, lakini mbona hamsemi kwamba hiyohiyo Slay the Spire inakulegezea? Kama raundi iliyopita hukufika kwa bosi wa kwanza, yule nyangumi Neow anakupa chaguo la maadui wa vita 3 vya kwanza kuwa na uhai 1. Uhai 1! Hao si maadui wa kupulizwa?

Mchokozi_wa_Zamu

Hilo silitetei. Lakini ni chaguo, na pembeni yake kuna la kuongeza uhai wa juu kabisa. Tena bado unapata zawadi za kadi za vita hivyo vitatu, kwa hiyo unajifunza kujenga rundo lako.

Fundi_Mbegu

Unalitetea, mkuu. Mwenye kuhitaji zaidi somo la Jaw Worm ndiye anayepewa njia ya kulikwepa. Mimi naona walikubali hasara hiyo ili aliyeshindwa afike mbali zaidi aone vitu vipya. Sijui kama ningefanya vile.

Mzee_wa_Ascension20

Na sisi tuliomaliza levo zote? Cultist kwa mara ya elfu hafundishi kitu. Kila kinga ya mgeni ni adhabu kwa mkongwe.

Mchokozi_wa_Zamu

Ndiyo maana ni vita 3 na si 8, mzee. Na kwako wewe swali halikuwa "nitashinda?" bali "nitashinda nikipoteza ngapi?", kwa sababu uhai huo unaubeba mpaka kwa elite. Zile gemu zinazokurudishia uhai wote kila baada ya vita ndizo zinazokuua kwa usingizi.

Mzee_wa_Ascension20

Bado ni dakika zangu zile.

Kitunguu_Pikseli

Fundi, nimeendesha ile programu na konokono mpya. "soma_ishara" ni 1, "piga" ni 9, sawasawa na ulivyosema. Lakini "ovyo" ni kama 8. Anayepiga tu na anayebofya ovyo wanakaribiana. Si umesema wakikaribiana adui hafundishi?

Fundi_Mbegu

Nimesema wote watatu. Ila umeona kitu. Chapisha na idadi ya zamu: "piga" daima ni 3, "ovyo" nadhani itakaa kwenye 5 hivi. Sasa hivi zamu hazina gharama yoyote kwenye gemu yako, kwa hiyo wa ovyo hajui kwamba amechelewa. Kuna njia ya kumpandishia konokono kipigo kila akijikunja, 9 kisha 12, lakini hapo unamfundisha mgeni mambo mawili kwa adui mmoja, na sina hakika chumba cha kwanza kinabeba hayo. Weka toleo zote mbili kwa wajaribu wapya, usiwatumie wale wa zamani, maana hao tayari wamezoea kutogusa ngao.