Nafundishaje slaidi za muundo wa protini kwa mfano wa selimundu?

Mwl_Baiolojia: Wakuu, nina slaidi nne za kidato cha sita: muundo wa protini wa kwanza hadi wa nne. Mfano wangu ni selimundu. Kwenye mnyororo beta wa himoglobini, wenye asidi amino 146, ya sita imebadilika kutoka asidi glutamiki kuwa valini. Nikiuliza kwa nini ugonjwa unatokea, darasa zima linajibu, "Protini imeharibika umbo." Nakwama hapo. Niwaelezeje?

Kandambili: Mbona wamepatia, mwalimu? Wape mfano wa yai la kuchemsha. Muundo wa kwanza ukikosewa, wa pili, wa tatu na wa nne yote inaporomoka.

MaabaraDamu: Kandambili, kuna protini ambazo hilo huzikuta kweli, ila siyo hii. Himoglobini S hujikunja vizuri tu, minyororo yake minne, alfa miwili na beta miwili, hukutana kama kawaida, na inabeba oksijeni. Yai lililoiva haliwezi kazi hiyo.

Mwalimu, waoneshe uso wa nje wa molekuli. Asidi glutamiki ina chaji hasi na inapatana na maji. Valini haina chaji na inayakwepa. Himoglobini ikishaachia oksijeni hubadili mkao, na kwenye beta ya molekuli jirani hufunguka kishimo kinachokwepa maji pia. Valini inaingia humo. Jirani naye anamshika mwingine, hadi zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoivuta seli iwe kama mundu.

Kisha waulize: ingekuwa lisini badala ya valini, nafasi ileile? Hiyo ipo, ni himoglobini C. Lisini ina chaji chanya, haikai kwenye kile kishimo, na nyuzi zile hazijengeki.

Mama_Wawili: Samahani nawaingilia. Mwanangu ana sikoseli, lakini alikuwa mzima hadi kama miezi sita, ndipo vidole vikaanza kuvimba. Kama kosa alizaliwa nalo, lilijificha wapi?

MaabaraDamu: Pole sana, mama. Mtoto mchanga hutumia zaidi himoglobini yenye minyororo gama badala ya beta, na gama haina kosa hilo. Miezi inavyosonga, beta inachukua nafasi yake.

Mwl_Baiolojia: Sasa naona pa kuanzia. Hizo nyuzi niziweke slaidi ya nne?

Kandambili: Ya nne ndiyo. Si ni protini zimeungana?

MaabaraDamu: Mimi nisingeziweka. Ya nne inaishia kwenye minyororo minne ya molekuli moja. Nyuzi ni molekuli nzima zilizoshikana. Ningechora ya tano. Na neno "beta" lifafanue mapema: mnyororo beta umejaa helisi za alfa, hauna yale mabapa ya beta ya slaidi ya pili. Wanafunzi huchanganya kila mwaka.

Kandambili: Slaidi ya tano itawachanganya kwenye mtihani, mtaala una ngazi nne.