Mrejesho: Namba mbili tofauti za jicho moja kwenye cheti cha miwani

Niliuliza: “Kwenye picha ya cheti changu, jicho la kulia (OD) lina SPH −3.00, CYL +0.75, AXIS 90, lakini duka la miwani limeandika −2.25, −0.75, 180. Je, ni lenzi ileile?”

Ni ileile, na mtaalamu aliyenipima alinionyesha hesabu yake. Unajumlisha SPH, ambayo ni nguvu kuu ya lenzi, na CYL, ambayo ni nguvu ya ziada ya upande mmoja, yaani −3.00 na +0.75, unapata −2.25, ambayo ndiyo SPH mpya. Kisha unageuza alama ya CYL kuwa −0.75, na AXIS, yaani mhimili wa CYL, unausogeza kwa digrii 90, hivyo 90 inakuwa 180. Kwa kuwa jicho langu halioni mbali na pia lina astigmatizimu, yaani halipindi sawasawa pande zote, lenzi yake ina nguvu mbili: −2.25 kwa upande wa mlalo na −3.00 kwa upande wa wima. Maandishi yote mawili yanaeleza jambo hilo hilo, ila moja linaanzia wima na jingine mlalo.

Lililostahili wasiwasi zaidi lilikuwa jicho la kushoto (OS), ambako alama ya digrii kwenye picha ilionekana kama sifuri, 10° ikasomeka 100. Kosa hilo lingeweka marekebisho ya astigmatizimu karibu kinyume kabisa, na ningeona ukungu zaidi kuliko bila kuyaweka. Nashukuru fundi alipiga simu kuthibitisha kabla ya kukata lenzi. Cheti changu sasa kimeandikwa 010.